Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa masomo ya uzamili: acheni kuamua tasnifu kwa wastani wa alama

Waheshimiwa wakurugenzi, nanyi wenyeviti wa majopo ya watahini,

Nawaandikia kuhusu karatasi moja tu. Ni ile fomu tunayogawiwa mtahiniwa akishaombwa atoke nje, yenye vipengele vitano vya kutoa alama na, chini kabisa, visanduku vitatu: kufaulu, kufaulu kwa masahihisho, kufeli. Nimeijaza miaka mingi nikiwa mtahini wa ndani. Safari moja niliijaza vibaya, na kosa hilo sasa limejalidiwa, lina namba ya maktaba na linasomwa na wanafunzi wengine.

Mtahiniwa alikuwa wa uzamivu katika elimu. Alitaka kujua kama wanafunzi wakisoma kwa sauti wawili wawili, dakika 20 kila siku kwa muhula mzima, ufahamu wao wa kusoma unapanda. Alichukua shule 8: nne zikafuata mbinu mpya, nne zikaendelea kama zilivyokuwa. Kila shule alipima wanafunzi 40, jumla 320. (Mada na namba nimezigeuza kidogo ili mhusika asitambulike. Umbo la kosa ni lile lile.) Mwisho wa muhula, kundi la mbinu mpya lilipata wastani wa alama 54 kwa 100, na kundi jingine 49. Akafanya jaribio la t, yaani kipimo cha kama tofauti ya wastani wa makundi mawili inaweza kuwa ya bahati tu, kwa wanafunzi wote 320, akapata thamani ya 3.2, akaandika kwenye ikisiri kwamba mbinu hiyo inafaa na kwamba wizara iisambaze.

Uwasilishaji wake ulikuwa safi. Alizungumza bila kusoma, alimaliza ndani ya dakika zake, na mwenyekiti hata kabla ya maswali alisema, "Tumesikia kazi nzuri." Mambo kama haya hufanyika bila nia mbaya, lakini sentensi ile ilikwishakaa vichwani mwetu kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Mtahini wa nje ndiye aliyeuliza swali lenyewe. Alimuuliza: "Mbinu yako uliigawa kwa wanafunzi, au kwa shule?" Mtahiniwa akajibu kwamba ni kwa shule. "Basi una vitu vingapi ulivyovigawa?" Kimya kidogo, kisha: "Vinane."

Kwa wasiofanya takwimu, niseme jambo hili polepole, kwa sababu uamuzi wote uko hapa. Watoto 40 wa shule moja wanafundishwa na walimu wale wale, wanatumia vitabu vile vile, wanatoka mazingira yanayokaribiana. Alama zao zinafanana kuliko alama za watoto 40 waliookotwa huku na kule. Ukiwauliza watu 40 waliokaa chumba kimoja kama taa ilizimika, utapata majibu 40, lakini ushahidi ni wa taa moja. Watakwimu hupima kufanana huko kwa namba kati ya 0 na 1. Kutokana na jedwali la mtahiniwa mwenyewe, lililokuwa kwenye kiambatisho, namba hiyo ilikuwa 0.15, kiwango ambacho kwa alama za shule si cha ajabu. Mtahini wa nje akaandika hesabu moja kwenye karatasi yake:

1 + (40 − 1) × 0.15 = 6.85

Maana yake ni kwamba wanafunzi 320 wa sampuli ile walibeba taarifa za wanafunzi 47 hivi, yaani 320 ukigawa kwa 6.85. Kosa sanifu la tofauti ya alama 5, yaani kipimo cha shaka iliyomo ndani yake, linakua kwa kipeuo cha pili cha 6.85, yaani mara 2.6, na thamani ya t inashuka kutoka 3.2 hadi 1.2. Ukihesabu kwa shule 8 badala ya watoto 320, athari ya mbinu inaweza kuwa popote kati ya kushusha alama 5 na kupandisha alama 15. Data ile haikuwa imeonyesha kwamba mbinu inafaa. Haikuwa imeonyesha pia kwamba haifai. Ilikuwa haijui.

Tukajaza fomu. Vipengele vilikuwa uwasilishaji, kujibu maswali, lugha na mpangilio, mapitio ya maandiko, na mbinu pamoja na uchambuzi. Kila kimoja alama 20. Mtahini wa nje alimpa 17, 15, 17, 16 na, kwenye mbinu, 7. Jumla 72. Mtahini wa pili alimpa 81, na kwenye mbinu 14. Mimi nilimpa 75, na kwenye mbinu niliandika 14 vilevile, kwa sababu nilikuwa nimeisoma sura ile ya nne wiki mbili kabla na sikuona kitu. Nilifika kikaoni na alama yangu kichwani, na hata baada ya kusikia swali na jibu sikuishusha. Naona aibu kuliandika hili, lakini barua hii haitakuwa na maana nikilificha.

Wastani wetu ulikuwa 76. Mwongozo ulio nyuma ya fomu unasema 70 na zaidi ni kufaulu, 50 hadi 69 ni kufaulu kwa masahihisho, chini ya 50 ni kufeli. Kwa hiyo tasnifu ambayo hitimisho lake kuu halikusimama ilistahili, kwa mujibu wa karatasi yenu, kupita bila kuguswa hata koma. Angalieni tena: hata yule mtahini aliyeona kosa, jumla yake peke yake ilikuwa juu ya 70. Na kama sote watatu tungeandika sifuri kwenye mbinu, wastani ungekuwa 64, bado amefaulu, ila kwa masahihisho. Hakuna alama ya mbinu, hata iwe mbaya kiasi gani, ambayo ingeweza kumzuia mtahiniwa yule kwa fomu hii. Alama za lugha na za mapitio ya maandiko zilikuwa zinalipa deni la uchambuzi.

Hilo ndilo lalamiko langu kwenu. Wastani unafaa pale ambapo udhaifu wa kipengele kimoja unaweza kweli kufidiwa na ubora wa kingine. Mtu aliyewasilisha kwa kigugumizi lakini akajibu maswali yote, sawa, fidia ipo. Lakini hakuna ufasaha wa ikisiri unaofidia hitimisho lisilotokana na data. Vipengele vya namna hii havijumlishwi. Kila kimoja kina kizingiti chake, na aliyeshindwa kimoja hajafika, hata kama vingine vyote vimejaa.

Mtahini wa nje alikataa kusaini kufaulu moja kwa moja. Ikawa mvutano, saa ikaenda, mtahiniwa yuko nje na jamaa zake, na mwishowe tukakutana katikati kama watu wanavyofanya wakichoka: tukatia alama kwenye kisanduku cha pili. Kufaulu kwa masahihisho, wiki sita, yahakikiwe na msimamizi. Msimamizi huyo ndiye aliyeidhinisha uchambuzi ule tangu mwanzo.

Orodha ya masahihisho tuliyompa ilikuwa na mambo 43. Arobaini na mawili yalikuwa ya tahajia, namba za kurasa, majedwali yasiyo na vichwa na marejeo yaliyokosa mwaka. Moja, la 29, lilisema: "Mtahiniwa azingatie suala la shule kama makundi." Azingatie! Ni neno ambalo haliwezi kuhakikiwa. Mtahiniwa alizingatia. Aliongeza aya moja kwenye mipaka ya utafiti, akisema kwamba wanafunzi walitoka shule 8 na kwamba watafiti wajao wanaweza kuliangalia jambo hilo. Jedwali la matokeo halikubadilika. Ikisiri haikubadilika. Pendekezo kwa wizara lilibaki. Msimamizi akasaini, nanyi mkapitisha, kwa sababu mbele yenu kulikuwa na orodha ya mambo 43 na vyeki 43.

Sasa niseme tulivyopaswa kuamua. Swali la kwanza halikuwa "anastahili ngapi?" Lilikuwa: kasoro hii ikirekebishwa, hitimisho linabaki lile lile au linageuka? Tahajia ikirekebishwa, hitimisho linabaki. Jedwali likipata kichwa, linabaki. Hayo ndiyo masahihisho madogo, na mtu mmoja wa ndani anatosha kuyahakiki. Uchambuzi ukifanywa upya kwa kuhesabu shule, hitimisho linageuka, na pamoja nalo sura ya mjadala, ikisiri na mapendekezo. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuitwa masahihisho madogo hata kama kuifanya kwenye kompyuta ni saa mbili. Ukubwa wa masahihisho haupimwi kwa muda atakaotumia mtahiniwa. Unapimwa kwa kiasi ambacho kile tulichokisoma na kukitahini kitakuwa kimebadilika. Tukimpa mtu shahada leo kwa hitimisho ambalo kesho litakuwa jingine, kuna kitu tumekipitisha bila kukisoma.

Swali la pili: je, kasoro inarekebishika kwa data iliyopo? Hapa ndipo mpaka wa kufeli ulipo, na ndipo majopo mengi yanapotea kwa sababu yanapima uzito wa kosa badala ya kupima kama linatibika. Faili la mtahiniwa wetu lilikuwa na safu ya jina la shule kwa kila mwanafunzi. Angeweza kurudi nyuma, akafanya uchambuzi unaotambua makundi, akaripoti kwamba athari haikuthibitika kwa shule 8, na akaeleza ni shule ngapi zingehitajika. Hiyo ni tasnifu halali. Nasisitiza, maana nimesikia wajumbe wakisema "basi hana matokeo": utafiti uliofanywa sawasawa ukakuta athari haijathibitika haujafeli. Kinachofelisha ni kudai kisichokuwepo na kushindwa kukiondoa.

Lakini tuseme faili lile lisingekuwa na safu ya shule. Wanafunzi 320, alama 320, hakuna ajuaye nani alitoka wapi, na dodoso zimetupwa. Kosa ni lile lile kabisa, hesabu ni ile ile, ila sasa halitibiki kwa kuandika. Ama arudi shuleni akakusanye upya, ama tasnifu ianguke. Au tuseme katika shule nane, shule moja tu ndiyo iliyopewa mbinu mpya. Hapo hata safu ya shule isingemwokoa, kwa sababu hakuna namna ya kutenganisha athari ya mbinu na athari ya shule ile yenyewe, mwalimu mkuu wake na yote yaliyomo. Kosa la muundo halifutwi na uchambuzi.

Swali la tatu ndilo linaloupa mtihani wa mdomo sababu ya kuwepo. Kama tungekuwa tunaamua kwa karatasi peke yake, tusingemwita mtu asimame mbele yetu. Tunamwita ili tujue mambo mawili: kama kazi ni yake, na kama anaielewa kiasi cha kuona kasoro yake akionyeshwa. Mtahiniwa wetu mwanzo alijitetea kwa ukubwa wa sampuli: 320 si haba. Mtahini wa nje akamwuliza, "Ungechukua watoto 1,000 kutoka shule hizo hizo nane, ungejua zaidi?" Akafikiri, akasema, "Kidogo tu, kwa sababu shule bado ni nane." Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko slaidi zake zote. Lilionyesha kwamba mtu huyu anaweza kuitengeneza tasnifu yake mwenyewe. Kama asingeweza kulifikia jibu hilo hata baada ya kusaidiwa mara mbili, au angeshindwa kueleza jedwali lake lilipatikanaje, mizani ingehama kuelekea kufeli, maana masahihisho yangeandikwa na mtu mwingine.

Kwenye fomu, jibu lile lilimpatia alama 15 kwa 20 chini ya "kujibu maswali", zikamezwa na wastani. Ushahidi muhimu kuliko wote wa siku ile ulipewa uzito sawa na mpangilio wa sura.

Kwa maswali hayo matatu, uamuzi wa haki ulikuwa wazi: hitimisho linageuka, data inatosha, mtahiniwa anaweza. Hafaulu leo, hafeli. Afanye upya sura mbili na ikisiri, apewe miezi sita, na tasnifu irudi kwa mtahini wa nje aisome. Utetezi wa pili si lazima, kwa kuwa amekwishaonyesha anaelewa. Tatizo ni kwamba fomu yenu haina mahali pa kuandika hivyo. Ina kisanduku kimoja cha masahihisho, kinachomeza koma iliyokosekana na hitimisho lililopinduka. Vyuo vingi duniani vimekwisha kutenganisha masahihisho madogo, masahihisho makubwa na kuwasilisha upya, kila kimoja na muda wake na mhakiki wake. Uswidi wamekwenda upande mwingine: tasnifu ya uzamivu ni kufaulu au kutofaulu tu, hakuna cha katikati. Kila njia ina ubaya wake. Sisi tumechukua kisanduku cha katikati tukakifanya jaa.

Najua kwa nini tunakipenda. Kufelisha mtu baada ya miaka minne au mitano ni jambo zito, na jopo la watu wenye huruma hutafuta mlango. Lakini mlango ule ule ndio unaowapitisha wasiostahili, halafu unawaumiza wanaostahili. Nimeona mtahiniwa mpole, asiyejua kujieleza, mwenye uchambuzi safi kabisa, akipewa masahihisho ya miezi mitatu kwa sababu wastani wake ulikuwa 68. Tulipotakiwa kuandika masahihisho yenyewe ni yapi, tulikaa tukitazamana. Ikabidi tuyatafute. Hiyo ndiyo dalili ya hakika kwamba alama zimetangulia na sababu zinakokotwa nyuma: jopo limetoa uamuzi, kisha likaanza kutafuta cha kusahihisha.

Ninachowaomba ni kidogo, na hakihitaji fedha.

Ripoti ya kila mtahini ifike kwenu siku saba kabla ya kikao, ikiwa na pendekezo la awali na sababu zake, na asiyeandika asiketi. Mimi ningekuwa nimeandika kwamba uchambuzi hauna tatizo, mtahini wa nje angekuwa ameandika kinyume, na mwenyekiti angeingia ukumbini akijua kwamba ugomvi wa siku ile ni sura ya nne. Saa mbili za utetezi zingekwenda huko. Badala yake dakika 40 ziliishia kwenye maana ya neno "mkabala".

Ondoeni jumla kutoka kwenye uamuzi. Kama kanuni zinawalazimu kuwa na alama kwa ajili ya kumbukumbu, ziandikwe baada ya uamuzi, siyo kabla. Wekeni kizingiti kwa mbinu na kwa uhusiano wa data na hitimisho, kila mtahini aseme kimefikiwa au hakijafikiwa na aeleze. Mtahini mmoja akisema hakijafikiwa, jopo halipigi kura papo hapo. Linamjibu kwanza kwa hoja, na jibu linaingia kwenye muhtasari wa kikao. Sisi wawili tulioandika 14 hatukuwa na hoja yoyote dhidi ya 6.85. Tulikuwa na wingi.

Na orodha ya masahihisho itenganishwe mara mbili: yanayolazimisha na yanayopendekezwa. La kulazimisha liandikwe kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo kikaoni anaweza kufungua tasnifu na kuona kama limefanyika. Liandikwe kabla mtahiniwa hajaitwa ndani, na asomewe. Msimamizi akae kikaoni akipenda, hata aeleze historia ya kazi, lakini asipige kura wala asiwe mhakiki pekee wa kasoro aliyoipitisha yeye mwenyewe. Simlaumu yule wa kwetu. Tulimpa kazi ya kujikosoa kwa siri, na hakuna aliyefundishwa kufanya hivyo.

Mtajiuliza kama haya hayataongeza rufaa. Yatapunguza. Mtahiniwa aliyefeli kwa 48 anabishana na alama mbili, na hakika alama mbili hazina utetezi. Mtahiniwa aliyeambiwa kwamba shule moja tu ilipewa mbinu, kwa hiyo swali lake halijibiki kwa data hii, anaweza kukasirika, lakini anajua anachokatia rufaa.

Ili msiseme nimelalamika tu, haya ndiyo maneno ambayo sharti la 29 lingepaswa kuwa nayo, likiwa la kwanza na siyo la 29:

"Sura ya 4 ifanyiwe uchambuzi upya kwa mbinu inayotambua kwamba wanafunzi wamo ndani ya shule 8, na safu ya shule itumike. Matokeo ya awali ya jaribio la t kwa wanafunzi 320 yaondolewe kwenye maandishi. Sura ya 5, ikisiri na mapendekezo viandikwe kufuatana na matokeo mapya, yawe yoyote yatakayokuwa. Muda: miezi 6. Mhakiki: mtahini wa nje."

Mistari sita. Tulikuwa na karatasi, kalamu na muda wa kutosha kuiandika. Ombi langu la mwisho linahusu tasnifu yenyewe: mtahiniwa yule bado ana faili lake, na kanuni zenu zinaruhusu kubandika marekebisho kwenye nakala ya maktaba. Mwiteni, nami niwepo.

Wenu katika kazi,

Mtahini wa ndani aliyeandika 14